Elimu kwa Wasanii: Ukimpa Mtangazaji Wimbo, Umempa Ruhusa Gani?

Wasanii wengi wa benga na ohangla mjini Oyugis na viunga vyake huanza safari ya redio kwa njia moja. Msanii anarekodi wimbo studioni, anauweka kwenye flashi au anautuma kwa WhatsApp, kisha anamkabidhi mtangazaji anayemfahamu. Wimbo unapigwa na watu wanaufurahia. Miezi michache baadaye msanii anausikia ndani ya tangazo la duka ambalo hajawahi kulitembelea. Anapouliza, anajibiwa kwamba wimbo aliuleta mwenyewe.

Makala hii inaeleza sheria inasema nini kuhusu makabidhiano hayo, na mambo ambayo msanii anapaswa kuyaandika kabla ya kutoa wimbo.

Ruhusa bila karatasi

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua aina mbili za ruhusa, yaani leseni. Ya kwanza ni leseni ya kipekee, ambapo kituo kimoja pekee ndicho kinachoruhusiwa kuutumia wimbo. Leseni hii, sawa na kuhamisha hakimiliki yenyewe, haina nguvu isipokuwa iwe kwa maandishi na iwe na saini ya mwenye haki au mwakilishi wake. Kwa hivyo mtangazaji hawezi kudai kwamba wimbo ni mali ya kituo chake kwa sababu tu mlikubaliana kwa mdomo.

Ya pili ni leseni isiyo ya kipekee. Hii inaweza kuandikwa, kutamkwa, au hata kutambulika kutokana na vitendo vya mwenye wimbo. Msanii anayempelekea mtangazaji flashi na kumwomba aupige wimbo amekwisha kutoa ruhusa ya aina hii. Ruhusa hiyo anaweza kuiondoa wakati wowote. Lakini ikiwa ilitolewa kwa mkataba, itaondolewa tu kwa njia ambayo mkataba unaeleza, au kwa mkataba mwingine.

Hapo ndipo mgogoro huanza. Ruhusa ya vitendo haina mipaka iliyoandikwa. Msanii anaamini aliruhusu wimbo upigwe kwenye kipindi cha jioni. Kituo kinaamini kiliruhusiwa kuutumia kwa chochote. Wakifika mbele ya msuluhishi, hakuna karatasi ya kuonyesha nani anasema kweli.

Wimbo mmoja, wenye haki watatu

Kabla ya kutoa ruhusa, msanii ajiulize kama ni yake kuitoa. Wimbo uliorekodiwa una haki za mtunzi wa maneno na muziki, haki za waimbaji na wapigaji ala, na haki ya mtayarishaji wa rekodi. Kisheria, mtayarishaji ni yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kutengenezwa. Si lazima awe aliyebonyeza vitufe vya kompyuta studioni.

Tuchukue mfano. Mwimbaji wa ohangla ametunga wimbo wake na kuuimba. Mpiga orutu na mpiga ngoma wamemsaidia. Mfanyabiashara wa sokoni ndiye aliyekodi studio, akalipia usafiri na kupanga siku ya kurekodi kwa makubaliano kwamba rekodi itakuwa yake. Mwimbaji huyo ndiye mtunzi, na pia ni mmoja wa watumbuizaji, lakini mtayarishaji ni mfanyabiashara. Akiandikia redio barua peke yake, ametoa sehemu yake tu. Barua iliyo salama ina saini ya mfanyabiashara pia, na wapigaji ala wawe wametajwa kwa majina.

Malipo ya redio

Nchini Kenya, kituo cha redio hulipa ada ya leseni kwa jumuiya za kukusanya mirabaha, nazo huwagawia wenye haki. Kwa miaka mingi MCSK imewakusanyia watunzi, KAMP watayarishaji, na PRISK watumbuizaji. Si kila nchi iko hivyo. Nchini Marekani, redio ya kawaida ya FM humlipa mtunzi, lakini haimlipi mwimbaji wala mtayarishaji wa rekodi.

Jumuiya hizi hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na leseni hiyo hubadilika. Mwaka 2017, kwa mfano, KECOBO iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE. Kwa hivyo msanii aulize KECOBO ni jumuiya ipi iliyo na leseni kwa wakati huo kabla ya kujiunga au kudai.

Aliyekwisha kujiunga asome pia fomu aliyotia saini. Mtunzi anapojiunga na jumuiya kama MCSK huikabidhi haki ya kusimamia upigaji wa nyimbo zake hadharani. Baada ya hapo, hawezi kukiandikia kituo kwamba kisilipe chochote, kwa kuwa haki hiyo haiko tena mkononi mwake peke yake.

Mgao unaofuata matumizi ya nyimbo hutegemea orodha za nyimbo zilizopigwa. Wimbo uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya kituo kwa jina `track03.mp3` unaweza kupigwa mara 300 na mwenyewe asijulikane. Faili ibebe jina la wimbo, la mwimbaji na la mtunzi, na majina hayo yawe sawasawa na yale yaliyosajiliwa kwenye jumuiya.

Barua ya ukurasa mmoja

Mwimbaji wa mfano wetu hahitaji mkataba mrefu. Barua yake inaweza kuwa na mambo haya:

1. Jina la wimbo, urefu wake, tarehe ya kurekodiwa, na majina ya mtunzi, watumbuizaji na mtayarishaji.
2. Matumizi: kupigwa katika vipindi vya kituo hicho pekee. Matangazo ya biashara, vionjo vya vipindi, kampeni za siasa na kukipa kituo kingine nakala vinahitaji ruhusa nyingine.
3. Njia: masafa ya FM. Ikiwa kituo hurusha pia mtandaoni, itajwe kama hilo limeruhusiwa.
4. Muda: kwa mfano miezi 12, kuanzia tarehe ya saini.
5. Kwamba leseni si ya kipekee, na haiondoi mirabaha inayolipwa kupitia jumuiya.
6. Kwamba kituo kitataja jina la msanii na kumpa orodha ya siku wimbo ulipopigwa anapoiomba.
7. Jinsi ya kusitisha: kwa mfano notisi ya siku 30 kwa maandishi, kisha kituo kifute nakala.

Kipengele cha pili ndicho kinachojibu kisa cha tangazo la duka, na cha saba kisisahauliwe. Mkataba usiosema jinsi ya kusitishwa unaweza kumfunga msanii hadi muda wake uishe, ilhali ruhusa ya mdomo angeweza kuiondoa siku yoyote. Msanii anayeletewa fomu na kituo aangalie kwanza maneno kama "anahamisha haki zote" au "milele". Fomu yenye maneno hayo ni ya kuuza wimbo, hata kama kichwa chake kinasema ni ruhusa ya kuupiga.

Barua itiwe saini nakala mbili, moja ya kituo na moja ya msanii. Kwa msanii aliyekwisha kutoa nyimbo bila karatasi, muda haujapita. Anaweza kupeleka barua hiyo leo, akieleza kwamba kuanzia tarehe fulani ruhusa ya awali imeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na masharti mapya. Msimamizi wa kituo akiipokea, aweke saini na tarehe kwenye nakala ya msanii.