Sharafa kwa Uso Mrefu na Taya Pana: Upana Ukae Juu

Vinyozi wengi huziacha sharafa hadi mwisho, mteja akiwa ameshaanza kupapasa mfuko kutafuta hela. Hapo ndipo uso mrefu unapoharibiwa. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi na wateja wenye uso mrefu na taya pana, nami nayajibu hapa kama ninavyoyajibu nikiwa nimeshika mashine.

Nitajuaje kama kweli uso wangu ni mrefu na taya langu ni pana?

Usijipime kwa macho kwenye kioo, kwani kioo umeshakizoea. Mwombe mtu akupige picha kwa simu, asimame kama mita moja na nusu kutoka kwako, simu ikiwa usawa wa pua. Akikusogelea karibu mno, picha itakupunguza upana wa uso na kukudanganya. Kisha weka rula juu ya picha. Pima kutoka zinapoanzia nywele kwenye paji la uso hadi ncha ya kidevu. Halafu pima upana kwenye mifupa ya mashavu, na mwisho upana wa taya kutoka kona hadi kona, chini ya masikio. Urefu ukizidi upana wa mashavu kwa nusu yake au zaidi, uso wako ni mrefu. Upana wa taya ukikaribiana na ule wa mashavu, taya lako ni pana.

Nimesikia uso mrefu unahitaji upana pembeni. Basi si nifuge sharafa nene mpaka kwenye taya?

Ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Uso mrefu unahitaji upana, lakini taya pana limeshajaa, halitaki kuongezewa. Ukishusha sharafa nene hadi kwenye kona ya taya, sehemu ya chini ya uso inakuwa nzito huku ya juu ikibaki nyembamba. Ukishusha sharafa nyembamba, unachora mstari wa wima, na jicho la anayekutazama linaufuata kutoka panja hadi kidevuni. Uso unarefuka zaidi.

Kwa hiyo upana unautaka, ila uuweke juu, kati ya panja na mfupa wa shavu. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata. Ndiyo maana pia siwanyoi wateja hawa fedi inayopanda juu mpaka ngozi ionekane kwenye mapanja. Nywele za pale ndizo zinazoupa uso upana, ukizitoa linabaki taya peke yake.

Sasa zikomee wapi?

Tumia sikio kama ngazi. Kuna kinundu kidogo mbele ya tundu la sikio, na chini kabisa kuna ndewe. Kwa uso mrefu wenye taya pana, mwisho wa sharafa ukae kati ya kinundu hicho na mahali ndewe inapoanzia. Ukipanda juu ya kinundu, shavu linabaki tupu kwa kipande kirefu na taya linajitokeza zaidi. Ukishuka chini ya ndewe, umeshaingia eneo la taya.

Anza chini kidogo ya pale unapopataka, kisha panda nusu sentimita kwa wakati mmoja. Ukikosea kwa kupandisha mno, usihuzunike sana: nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo urefu wa milimita tatu utaupata tena baada ya siku kumi hivi.

Chini zikatwe moja kwa moja, kwa mshazari au ziwe na ncha?

Ncha iache kabisa. Inafanya kazi ya mshale, inaelekeza jicho chini. Mshazari unaoteremka kuelekea mdomoni nao una ubaya wake, kwa kuwa unakwenda sambamba na mstari wa taya, na mistari miwili inayofanana hutiana nguvu.

Kata ya mlalo ndiyo inayokufaa. Jicho likishuka na sharafa linafika hapo, linasimama, na uso unaonekana kupungua urefu. Lakini taya lako tayari lina kona kali, kwa hiyo usiongeze kona nyingine iliyochongwa kwa wembe. Kona ya mbele iviringishe kidogo kwa ncha ya mashine. Kwa nywele za kipilipili hilo lina faida ya pili: unywele uliokatwa na wembe chini ya ngozi hurudi ndani na kuleta vipele, ilhali mashine isiyobanwa sana huacha unywele juu ya ngozi.

Unaweza kutupa mfano wa mteja mmoja?

Alikuja kijana ambaye uso wake ulikuwa sentimita 22 kwenda chini, 14 kwenye mashavu na 13 kwenye taya. Sharafa zake zilishuka sentimita mbili chini ya ndewe, upana wake haukuzidi kidole kimoja, na zilikuwa na ncha kali. Pembeni alikuwa amenyolewa mpaka ngozi, na juu nywele zimesimama.

Siku ile sikumaliza kazi, kwa sababu upana haukatwi, unasubiriwa uote. Niliondoa ncha na kuzipandisha sharafa hadi juu kidogo ya ndewe, nikapunguza nywele za juu, kisha nikamwambia asiguse ukingo wa mbele wa sharafa wala mapanja kwa wiki tatu. Aliporudi, nilichana nywele za pembeni zinyooke, nikapita namba mbili, yaani milimita sita, kwenye mapanja. Karibu na mwisho wa sharafa nilishuka hadi namba moja, milimita tatu, ili unene upungue polepole kabla ya kufika kwenye taya. Ukingo wa mbele niliuacha upana wa vidole viwili. Mwisho nilikata mlalo. Taya lilikuwa lilelile, ila sasa lilikuwa na uso mpana juu yake wa kulibeba.

Kwa nini zangu hazilingani kila nikinyolewa?

Kwa sababu kinyozi anapima kwa masikio, na masikio ya watu wengi hayako usawa mmoja. Sababu nyingine ni kichwa kuinamishwa. Kaa wima, funga mdomo, kwani ukiongea au kuachama ngozi ya shavu inavutika. Kinyozi asimame nyuma yako, si pembeni, aweke kidole gumba chini ya kila sharafa, kisha nyote wawili mtazame kioo. Tofauti ikionekana, apandishe ile iliyo chini mara moja tu. Kupunguza huku na kule kwa zamu ndiko kunakozimaliza.

Na mwenye ndevu?

Ziache zijae kidogo kwenye mashavu, zipunguze kwenye kona za taya, na kidevuni ziwe fupi kabisa. Mzuzu mrefu usiufuge. Unaongeza kimo cha uso chini kule kule ulikohangaika kukipunguza. Sharafa ziungane na ndevu kwa kupunguza unene pole pole, bila mstari wa kuzitenganisha.

Ukikaa kitini kwa kinyozi usiyemjua, mwambie hivi kabla hajawasha mashine: "Mapanja uniachie namba mbili, sharafa zikomee juu ya ndewe, mlalo, upana wa vidole viwili, wembe usipite." Akielewa hayo matano, sharafa zako ziko salama.