Kiwambo cha Sikio Kinapobonyea: Hatari Isiyouma

Ukifika Kibuyuni, karibu na Shimoni katika kaunti ya Kwale, muulize mvuvi anayezamia pweza ni nini humpata mtu anayeshuka chini ya maji bila kufungua masikio. Atakuambia kwamba hata kina cha mita 2 chatosha kuleta maumivu, na kwamba dawa yake ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu mpaka masikio yafunguke. Mvuvi huyo huenda hajasoma udaktari, lakini anajua jambo kubwa kuhusu sikio: msukumo wa hewa iliyo nyuma ya kiwambo lazima uwe sawa na ule wa nje. Ukipungua ndani, kiwambo husukumwa ndani.

Sasa mfikirie msichana wa miaka 9 katika kijiji hichohicho. Mamake ni mkulima wa mwani, na mtoto mwenyewe hajawahi kuzamia zaidi ya kucheza ufuoni. Hata hivyo, kiwambo cha sikio lake la kulia kimekuwa kikisukumwa ndani kwa miaka mingi, polepole sana, wala hakijamuuma hata siku moja. Leo tutamfuata msichana huyu, ambaye ni wa mfano tu, ili tuone jinsi sikio lisilouma linavyoweza kumfikisha mtu kwenye chumba cha upasuaji.

HEWA HUPOTEA VIPI?

Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo kinachokaribia ukubwa wa punje ya njegere. Humo ndimo vilimo vifupa vitatu vinavyopitisha sauti: nyundo, fuawe na kikuku. Chumba hicho, ambacho ndicho sikio la kati, kina ngozi laini yenye mishipa ya damu, na damu hiyo hunyonya hewa iliyomo kidogo kidogo, mchana na usiku.

Hewa inayonyonywa hurudishwa kupitia kijibomba kinachotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua. Kwa mtu mzima kijibomba hiki kina urefu wa milimita 35 hivi. Kwa kawaida huwa kimefungika, na hufunguka kwa muda mfupi tu tunapomeza mate au kupiga miayo. Ndiyo sababu masikio hufunguka unapotafuna peremende ndege inaposhuka.

Mtoto mdogo ana kijibomba kifupi zaidi, tena kimelala badala ya kuinamia chini kama cha mtu mzima. Akishikwa na mafua mara kwa mara, au nyama zilizo nyuma ya pua zikivimba, kijibomba hushindwa kufunguka. Watoto waliozaliwa na kaakaa lililopasuka wamo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa misuli inayofungua kijibomba imeshikamana na kaakaa hilo. Hata tabia ya kuvuta kamasi ndani kwa nguvu badala ya kuipenga yaweza kuinyonya hewa kutoka sikio la kati.

Hewa ikipungua hivyo, mambo mawili hufuata. Kwanza, chumba huanza kujaa ute, nao ukikaa huwa mzito kama gundi. Pili, kiwambo hubonyea kuelekea ndani.

NGOZI INAYOLEGEA

Kiwambo kizuri ni kama ngozi iliyowambwa vyema kwenye ngoma. Kina tabaka tatu: ngozi upande wa nje, utando laini upande wa ndani, na katikati tabaka la nyuzinyuzi linalokipa ugumu wake. Kikivutwa ndani kwa miezi na miaka, hasa kama kuna ute unaokiwasha, nyuzi hizo hudhoofika na kiwambo hulegea. Hapo hata hewa ikirudi, kiwambo huenda kisirudi mahali pake.

Kuna sehemu mbili ambazo hulegea upesi. Moja ni ile ya juu kabisa, ambayo tangu kuzaliwa haina nyuzi imara kama sehemu nyingine. Ya pili ni pembe ya juu upande wa nyuma, karibu kabisa na kifupa cha fuawe. Mahali hapo pakibonyea sana hufanyika kifuko, mfano wa mfuko wa shati uliogeuzwa ndani.

Yote haya hayaumi kwa sababu yanaenda polepole. Mzamiaji huumia kwa kuwa msukumo humbadilikia kwa sekunde chache. Msichana wetu alibadilikiwa kwa miaka, na mwili wake ukazoea. Alipokuwa na miaka 4 alikuwa na mafua yasiyokwisha na alikuwa akiitwa mara tatu kabla ya kuitika. Alipofikisha miaka 7 mafua yalipungua, ute ukakauka, akaanza kusikia vizuri. Mama alishukuru akaliacha jambo hilo. Hakujua kwamba kiwambo kilikuwa kimekwisha kubakia na kifuko.

KIFUKO KINACHOSHINDWA KUJISAFISHA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, msomaji. Ngozi ya mwili hutoa magamba yaliyokufa kila siku. Mkononi magamba hayo huondoka tunapooga. Katika sikio, ngozi ya kiwambo hutembea: huanza katikati na kuelekea nje kwenye tundu la sikio, kwa mwendo mdogo sana, ikibeba magamba yake pamoja na nta. Ndivyo sikio linavyojisafisha bila kuhitaji kijiti cha pamba.

Kifuko kikiwa kifupi na mdomo wake ukiwa mpana, magamba hutoka bila shida. Watu wengi huishi na kifuko cha namna hiyo maisha yao yote wasipate madhara. Lakini kifuko kikiwa kirefu na mdomo wake ukiwa mwembamba, magamba hunaswa ndani. Hurundikana tabaka juu ya tabaka, mpaka hufanya uvimbe mweupe ambao madaktari huuita kolesteatoma. Jina hilo lisikutie wasiwasi wa mafuta ya damu. Uvimbe huu hauhusiani na kolesteroli, wala si saratani. Ni ngozi iliyo mahali isipotakiwa.

Ubaya wake ni kwamba hula mfupa. Kwa kawaida huanza na mguu mwembamba wa fuawe, ambao hupata damu kidogo. Ukiachwa huweza kufika kwenye neva inayoendesha uso, na mgonjwa akapinda mdomo. Waweza kutoboa mfereji wa sikio la ndani, na mgonjwa akapata kizunguzungu. Waweza pia kula mfupa mwembamba ulio juu ya sikio, na usaha ukafika kwenye utando wa ubongo au ubongo wenyewe. Hatari hii ya mwisho huwapata wachache, lakini huua.

DALILI ZINAVYODANGANYA

Alipokuwa na miaka 9 msichana wetu alianza kutoa majimaji sikioni. Hayakuwa mengi, yalilowesha mto tu. Lakini yalinuka vibaya, harufu ya kitu kilichooza. Homa hakuwa nayo, wala maumivu. Zahanati ilimpa dawa ya matone, sikio likakauka kwa wiki mbili, kisha likaanza tena. Jambo hilo lilirudia mara tatu.

Matone hayakuwa mabaya. Yaliua vijidudu, lakini hayangeweza kuondoa magamba yaliyonaswa ndani, na palipo na uchafu vijidudu hurudi. Kwa hiyo sikio linalotoa usaha kidogo wenye harufu mbaya, likakauka kwa dawa na kurudia tena, lisiendelee kupewa matone tu. Lazima lisafishwe na kuchunguzwa hadi juu ya kiwambo. Mara nyingi huonekana ukoko mdogo sehemu ya juu, ukadhaniwa kuwa ni nta. Nta haikai juu ya kiwambo penyewe. Ukoko wa mahali hapo ni wa kutiliwa shaka.

Jambo lingine la kudanganya ni kusikia. Wakati mwingine fuawe huwa imekwisha kuliwa, lakini kiwambo kilichobonyea kinagusa kikuku moja kwa moja na kuipitisha sauti. Mgonjwa husikia karibu sawasawa, naye huamini sikio lake ni zima. Basi kusikia vizuri si ushahidi kwamba kifuko hakina hatari.

DAKTARI HUTAZAMA NINI?

Afisa wa kliniki aliyemwona mara ya nne aliuona ukoko huo, akampeleka hospitali ya rufaa ya Msambweni, na kutoka huko akaelekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo mjini Mombasa. Daktari alisafisha sikio akitumia darubini, kisha akajiuliza maswali mawili: je, naona mwisho wa kifuko? Je, ni kisafi? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, mgonjwa aweza kuangaliwa kila miezi kadhaa bila kupasuliwa. Kwa msichana wetu jibu lilikuwa la kwa yote mawili. Kipimo cha kusikia kilionyesha kwamba sauti zilihitaji kufika desibeli 40 ndipo azisikie, ilhali mtu mzima wa sikio husikia zilizo chini ya 20. Picha ya skani ilionyesha mfupa ulioanza kuliwa.

Alipasuliwa kwa muda wa saa tatu hivi. Uvimbe uliondolewa pamoja na mfupa uliooza, na sehemu dhaifu ya kiwambo ikatiliwa nguvu kwa kipande cha gegedu kilichotolewa kwenye sikio lake mwenyewe. Gegedu hailegei upesi kama ngozi, ndiyo sababu huchaguliwa. Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Uvimbe huu una tabia ya kurudi, hasa kwa watoto, kwa hiyo atahitaji kuchunguzwa kwa miaka mingi, na huenda akapasuliwa tena ili kuhakikisha hakuna kilichobaki.

KABLA HAYAJAFIKA HUKO

Lau msichana huyu angeonekana akiwa na miaka 4 au 5, njia ingekuwa rahisi. Ute wa sikio la kati kwa watoto wengi hukauka wenyewe ndani ya miezi mitatu. Usipokauka na mtoto hasikii vizuri, au kiwambo kikiendelea kubonyea, daktari aweza kupachika kimrija kidogo kwenye kiwambo ili hewa iingie kutoka nje. Kimrija hicho hudumu kwa miezi 6 hadi 12 hivi kabla ya kudondoka chenyewe. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aweza pia kufundishwa kupuliza puto maalumu kwa tundu la pua, jambo linalofanana na lile la mvuvi wetu, ila lisifanywe akiwa na mafua makali.

Wewe mzazi, mfundishe mtoto kupenga pua taratibu, tundu moja baada ya jingine, wala si kuvuta kamasi ndani. Usitie sikioni mafuta ya taa, maji ya kitunguu wala kijiti. Na ikiwa mtoto wako aliwahi kuwa na ute masikioni kwa muda mrefu, usitosheke na kuona kwamba sasa anasikia. Mpeleke kiwambo kikatazwe, hata kama sikio haliumi.