Namna ya Kumwandikia Mzee Wako Barua ya Posa na Kumsomea Baada ya Chakula

Wengi wetu hapa Umoja, Kayole na Donholm tuliingia kwenye ndoa kwa njoo-tukae. Unahamia na begi moja, mtoto anazaliwa, na majirani wanaanza kukuita Mama Fulani bila mtu kuuliza harusi ilikuwa lini. Mimi na mzee wangu tuliishi hivyo kwa miaka mingi: yeye Mjaluo wa Siaya, mimi Mkamba wa Machakos, kodi tukichangia na watoto tukilea pamoja. Tulipendana na tunapendana. Lakini kwetu hakukuwa kumepelekwa ntheo, wale mbuzi ambao bila wao binti wa Kikamba hahesabiwi kuwa ameolewa, na serikalini hatukuwa na hata karatasi moja. Kwa hiyo nilimposa mwenyewe. Niliandika barua, nikamsomea baada ya chakula cha jioni, na akakubali. Wanawake kadhaa wa mtaa wameniuliza nilifanyaje, ndiyo maana naandika.

Kwanza, kwa nini barua? Kwa sababu habari ya ndoa nyumbani huzuka wakati mbaya: tumetoka mazishini, au binamu ametuma kadi ya harusi. Unasema sentensi moja, naye anaijibu hiyo moja kabla hujafika ya tatu, ambayo ndiyo uliyoitaka. Karatasi inakupa nafasi ya kumaliza. Tena si jambo geni. Pwani, posa huenda kwa barua inayopelekwa na mshenga kwa wazazi wa binti. Na Waislamu wa Pumwani na Eastleigh wanajua kwamba Bi Khadija ndiye aliyetangulia kupeleka posa kwa Mtume. Tofauti yangu ni kwamba sikuwa na mshenga.

Kabla ya kuandika, jiulize mzee wako anaogopa nini. Mwanamume aliyekaa nawe miaka yote hiyo hakosi mapenzi. Mara nyingi ana hofu ambayo hajaitamka. Wangu alikuwa na tatu. Ya kwanza ni pesa: alidhani wazee wetu watamlimbikizia mahari ya miaka yote pamoja na faini. Ya pili ni aibu ya kwenda kwa wakwe akiwa na watoto wanaosoma tayari. Ya tatu ni harusi yenyewe, ya mahema na kamati ya michango. Barua nzuri huziondoa hofu hizo kabla ya kufika kwenye swali. Ukianza na swali, atakaa anapiga hesabu huku wewe unaendelea kusoma, na hatasikia kitu.

Yangu ilikuwa ukurasa mmoja, dakika tatu hivi kwa kusoma polepole. Nilianza na jambo moja tu la maisha yetu ambalo yeye analikumbuka vizuri kuliko mimi, kisha nikaingia kwenye hofu zake. Sehemu ya katikati ilikuwa hivi:

“Baba Watoto, nimeshazungumza na mama. Wazee hawataki uje na kila kitu siku moja. Wanataka uje, wakujue, upeleke ntheo, na mengine mtapanga polepole kama wanavyopanga watu wenye heshima. Sitaki mahema wala kamati. Nataka siku nikiugua, asiwepo mtu wa kuuliza wewe ni nani wangu. Nataka kwenu na kwetu tujulikane.”

Halafu swali, kwenye mstari wake peke yake: “Je, utakubali tuoane mwaka huu?” Swali moja, linalojibika kwa ndiyo au hapana. Usiweke mawili, kama “utakubali, na tutaenda lini?” Atajibu lile jepesi na kuliacha lile zito.

Niliongea na mama kabla, na ninakusihi ufanye hivyo. Usimwahidi mzee wako jambo ambalo wazee wenu hawajalikubali.

Yako mambo mawili ya kutoa kwenye barua hata kama ni ya kweli. La kwanza ni lawama. Ukiona sentensi inaanza na “miaka yote hii hujawahi”, ifute, kwa sababu hapo barua inageuka mashtaka, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea. La pili ni sheria. Ijue, lakini uiweke kichwani, maana huenda akasema, “Kwani si tayari tumeoana?” Hapo mweleze kwa utulivu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kuchukulia watu kuwa wameoana kwa sababu tu wameishi pamoja ni jambo la nadra, na anayedai hivyo ni lazima athibitishe. Miaka ya kukaa pamoja peke yake haitoshi. Na kama ni mahari inayomtisha, Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale mila inapohitaji mahari ili kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo ya ishara inatosha. Wazee wana hesabu zao, lakini ni vizuri ajue hilo.

Sasa siku yenyewe. Chagua jioni baada ya kodi kulipwa, si mwisho wa mwezi kabla ya mshahara kuingia. Pika anachokipenda lakini usimsomee akiwa anakula. Mimi nilipika samaki wa kukaanga na ugali, na mtu mwenye mwiba mdomoni na mikono yenye mchuzi hawezi kupokea karatasi. Tulimaliza, tukanawa, nikazima televisheni, nikaleta chai. Watoto walikuwa kwa dada yangu Buruburu. Nilikaa kando yake kwenye kochi, si mbele yake, nikamwambia, “Nimekuandikia kitu, naomba nikisome chote kabla hujasema.” Ombi hilo usilisahau.

Soma kutoka kwenye karatasi, si kwenye simu. Ukimaliza swali, mpe karatasi na unyamaze. Kimya kitakuwa kirefu, na utatamani kukijaza kwa kusema “si lazima ujibu leo”. Usiseme, utakuwa umempa mlango wa kutokea. Wangu aliisoma tena mwenyewe, akarudi kwenye mistari ya ntheo, akauliza, “Mama amesema hivyo kweli?” Nikamwambia ndiyo. Akasema, “Basi sawa. Tuoane.” Anayerudi kwenye sentensi fulani na kuuliza anafikiria kwa dhati. Anayefanya mzaha na kuikunja bila kuisoma hajajibu, na una haki ya kumwambia hivyo. Akikuomba muda, mpe, lakini mkubaliane tarehe.

Ukipata ndiyo, usilale nayo. Kisheria, ahadi ya kuoana si ndoa. Sisi tulipiga simu kwa shangazi yake wiki hiyohiyo ili aongoze safari ya Machakos. Mkifunga ndoa ya kimila, mna miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika kumjulisha Msajili wa Ndoa. Mkitaka ya kiserikali, taarifa yenu hutolewa angalau siku 21 kabla, katika ofisi ya Msajili iliyo jumba la Sheria, barabara ya Harambee. Amueni ipi inatangulia, kisha andikeni tarehe nyuma ya barua ileile, wote wawili mkiwa mnaiona.