Saa Sita ya Songea ni Saa Ngapi kwa Mjerumani?

Mwezi mmoja wa Julai, asubuhi ya baridi ile ya Songea inayomfanya mtu afunge dirisha hata akiwa na koti, nilituma tafsiri kwa mteja wa Ujerumani nikijisifu kwamba nimewahi. Tulikubaliana kazi ifike saa sita. Katika andiko langu la kazi, la Kijerumani, nilikuwa nimeandika "6 Uhr", kwa sababu sita ni sita. Nilibonyeza kitufe cha kutuma saa sita kamili adhuhuri. Kule kwake ilikuwa saa tano asubuhi, na yeye alikuwa akiingojea kazi tangu kumi na mbili alfajiri. Kikao alichoihitajia kilikuwa kimeshakwisha.

Kijerumani changu hakikuwa na kosa la sarufi. Kosa lilikuwa la kipimo, na kipimo chochote huuliza maswali yale yale: tunahesabu nini, tunaanzia wapi, na anayehesabu amesimama wapi? Andiko la kazi kwa mteja wa nje limejaa vipimo vya namna hiyo. Kila kimoja tunakijua sana kwa lugha yetu, na ndiyo maana hatukichunguzi.

Tuanze na saa yenyewe. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa. Jua linaonekana kutokea mashariki kwa sababu sisi ndio tunaogeukia huko. Mtu wa Songea, aliye kwenye nyuzi 35 na ushei mashariki ya Grinwichi, hulipata jua la utosini mapema kuliko mtu wa Ujerumani. Lakini nchi haiwezi kumpa kila mji saa yake, kwa hiyo huchagua mstari mmoja wote waufuate. Ujerumani ilichagua kwa sheria mstari wa nyuzi 15, kuanzia tarehe 1 Aprili 1893. Sisi tunafuata ule wa nyuzi 45, ambao haukanyagi ardhi ya Tanzania hata hatua moja. Unapita mashariki yetu baharini na kugusa nchi kavu karibu na Mogadishu. Ndiyo maana hapa Songea jua hufika utosini mnamo saa sita na nusu na dakika kadhaa, wala si saa sita kamili.

Sasa mwanzo wa kuhesabu. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na tuna haki. Songea iko nyuzi 10 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Desemba jua huchomoza kama kumi na mbili na robo, na mwezi Juni linachelewa hadi karibu saa moja kasoro. Tofauti haifiki saa nzima mwaka mzima, hivyo "saa moja baada ya kucha" ni kipimo kinachoshikika. Mpeleke Mswahili Berlini uone atakavyohangaika: mwezi Juni jua linatoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwezi Desemba linatoka baada ya saa mbili asubuhi. Mapambazuko ya kule hayafai kuwa mwanzo wa hesabu. Wao wakahesabu kutoka katikati ya usiku, na hapo ndipo tunapopishana kwa sita. Saa yangu ya mkononi inaonyesha 12:00 nami nasema sita bila kufikiri. Kwa saa za mchana fomula ni fupi:

```
14:00 - 6 = saa 8 mchana
```

Lakini kupunguza sita kunageuza jina la saa tu. Bado kuna umbali wa mahali, nao kwa Ujerumani haukai palepale. Wao husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi kitu. Kwa hiyo wakati wa kiangazi chao tunawatangulia kwa saa moja, na wakati wa baridi yao kwa saa mbili.

Wiki iliyopita nimetuma andiko jingine, nalo nitalitumia kama mfano. Mteja anafanya utafiti juu ya ngoro, yale mashimo ya kilimo ya Wamatengo kule Mbinga. Ana mahojiano sita na wazee, kila moja dakika 30, na anataka yaandikwe kutoka kwenye sauti kisha yatafsiriwe kwa Kijerumani. Mistari ya tarehe inasomeka hivi:

```
Teil 1: Freitag, 16.10.2026, 12:00 Uhr MESZ
Teil 2: Freitag, 13.11.2026, 12:00 Uhr MEZ
```

Awamu mbili, zote Ijumaa, zote kwake ni 12:00. MESZ ni saa yao ya kiangazi na MEZ ni ile ya kawaida, ya baridi. Katikati ya tarehe hizo, tarehe 25 Oktoba, saa yao inarudi nyuma. Kwa hiyo awamu ya kwanza natakiwa niifikishe saa saba mchana wa Songea, na ya pili saa nane. Anayekariri kwamba "Ujerumani tumewapita saa mbili" atachelewa kwa saa nzima ile awamu ya kwanza, na hataelewa kwa nini.

Mbona sikuandika tu "kabla ya Ijumaa kwisha"? Kwa sababu siku nayo ina mwanzo wake. Kwa hesabu yetu ya zamani siku huanza jua likizama, na mpaka leo ukisema usiku wa Ijumaa wapo watakaoelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa Mjerumani bado ni Alhamisi. Adhuhuri haina ugomvi huo. Nimeongeza pia sentensi moja kwamba intaneti ikikatika nchini, muda uliopotea unaongezwa kwenye tarehe ya mwisho. Kabla ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilipokatika nchi nzima kwa siku kadhaa, nilikuwa naiona sentensi hiyo kama woga.

Tuje kwenye ukubwa wa kazi. "Mahojiano sita" si kipimo. Dakika 180 za sauti ni kipimo, ila kinapima faili lake na hakipimi jasho langu. Kwa mkono wangu, saa moja ya sauti safi huchukua saa tano kuiandika; sauti yenye upepo, kuku na wazee wawili wanaodakiana maneno huchukua zaidi. Kwa kazi ya kuandika, basi, natoza kwa dakika ya sauti baada ya kusikiliza vipande. Tafsiri inahitaji kipimo kingine.

Wengi hapa hutoza kwa neno. Shida ni kwamba neno la Kiswahili ni gunia na neno la Kijerumani ni kikapu. Mzee mmoja kwenye kinasa anasema kwa hasira: "Hatutawauzia." Neno moja, herufi 12. Kijerumani chake:

```
Wir werden ihnen nichts verkaufen.
```

Maneno matano. Ukitoza kwa neno bila kusema ni neno la upande upi, mteja atahesabu Kiswahili nawe utahesabu Kijerumani, na kila mmoja atamwona mwenzake mwizi. Watafsiri wa Ujerumani wana dawa yao ya zamani: mstari wa kawaida, wanaouita `Normzeile`, ambao ni mapigo 55 ya kibodi pamoja na nafasi. Neno refu na neno fupi hapo hayadhulumiani. Hata hivyo bado lazima useme unahesabu maandishi yapi. Mimi nahesabu yale ya Kijerumani, yaliyokamilika.

Mteja akauliza, sawa kabisa: yatakuwa mistari mingapi? Hakuna ajuaye kabla, ila sampuli husaidia. Nilichukua dakika 10, nikaziandika na kuzitafsiri, zikatoa mistari 130. Dakika 180 ni mara 18 ya hizo, hivyo yapata mistari 2,340. Kwa senti 60 za yuro kila mstari, tafsiri inakuwa yuro 1,404. Sampuli ya dakika 10 haiaminiki sana, kwani huenda mzee wa pili anaongea kama cherehani, kwa hiyo nimeandika kwamba ikizidi mistari 2,500 nitasimama na kumtaarifu kwanza.

Halafu kuna yale yasiyomo, ambayo nayapa nafasi sawa na yaliyomo. Wazee wa Mbinga wakinogewa huhamia Kimatengo. Mimi Kimatengo nakisikia cha sokoni tu. Andiko linasema wazi: sehemu za Kimatengo zitawekewa alama ya dakika na sekunde zilipo, hazitatafsiriwa. Bila sentensi hiyo ningekuwa nimeahidi lugha nisiyoijua, kwani mteja yeye anaona "lugha ya kule" ni moja.

Malipo ndiyo mwisho, na humo mtego wa kwanza ni nukta. Sisi tunaandika 1,404.00 na Mjerumani anaandika 1.404,00. Nukta yake ni koma yetu. Ukimwandikia 1,404 bila kitu kingine, anaweza kuona yuro moja na vipande vya senti. Kwa hiyo senti naziandika siku zote, kwa mtindo wake. Kwa tafsiri, malipo ya awali ya asilimia 40 ni 561,60. Yanayobaki ni 842,40, ndani ya siku 14 tangu apokee ankara. Siku 14 kuanzia lini? Sheria ya madai ya Ujerumani haihesabu siku ya tukio lenyewe: ankara ikipokelewa tarehe 13 Novemba, siku ya kwanza ni tarehe 14 na ya mwisho ni tarehe 27. Badala ya kumwachia ahesabu, niliandika tarehe:

```
842,40 EUR, Zahlungseingang bis 27.11.2026, Gebühren: OUR
```

Neno refu pale katikati linamaanisha fedha kuingia. Kutuma na kuingia si kitu kimoja, kwa sababu fedha kutoka Ujerumani hadi benki ya Songea hupita kwenye benki nyingine za njiani, na kila moja ina haki ya kumega. `OUR` maana yake mtumaji analipa makato yote. `SHA`, kila upande unabeba ya kwake. `BEN`, mpokeaji anayameza yote. Usipotaja, kwa kawaida benki itaweka `SHA`, na utashangaa kwa nini fedha iliyoingia hailingani na ankara.

Jibu la mteja lilikuja juzi saa tatu usiku. Alikubali tarehe, mistari na Kimatengo. Alikataa `OUR`, kwa kuwa mfumo wa malipo wa chuo chake unaruhusu `SHA` peke yake. Nimebadilisha herufi hizo tatu, nikaongeza yuro 20 kwenye ankara ya mwisho na kuipa mstari wake wenyewe: makato ya benki.