Maharage ya Jumapili, Mlo wa Wiki

Mzazi anayefika nyumbani Buyenzi au Kamenge jioni hana muda wa kungoja maharage yaive kwenye makaa. Ni afadhali ayachemshe mara moja tu, Jumapili, kwa maji matupu. Asiyaunge bado: nyanya ina uchachu unaoyachelewesha kulainika, na maharage yakishaungwa yatakuwa na ladha ileile wiki nzima.

Kwa wazazi wawili na watoto watatu, kilo moja ya maharage makavu inatosha. Yaloweke Jumamosi usiku, asubuhi mwaga maji hayo na utie mengine. Yakishaanza kutokota, yaache yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya kuumiza tumbo ambayo moto mdogo hauimalizi. Kisha punguza moto mpaka punje ibonyee kati ya vidole bila kubaki kiini kigumu. Utapata karibu kilo mbili na nusu, yaani milo mitatu: gramu 200 kwa mtu mzima, gramu 130 hivi kwa mtoto.

Kazi kubwa ni kuyapoza. Sufuria iliyojaa na kufunikwa hubaki vuguvugu mpaka usiku kwa joto la Bujumbura, na vijidudu vilivyostahimili mchemko huzaliana humo. Baadhi yao huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha upya, na chakula kinaweza kuwa nayo bila kunuka wala kutoa povu. Kwa hiyo gawa maharage katika bakuli tatu pana, yasijae sana, uziweke kwenye beseni la maji baridi. Yaingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Bakuli za Jumatatu na Jumatano zikae kwenye friji, ya Ijumaa kwenye friza. Alhamisi usiku ihamishie kwenye friji iyeyuke.

Jumatatu, pika ndizi mbichi kwa kitunguu na mawese, na zikikaribia kuiva tia maharage. Jumatano yakaange na lengalenga, mle na wali uliopikwa jioni hiyohiyo. Ijumaa yaponde yawe mazito, uyaunge kwa nyanya na kitunguu saumu, mle na ugali wa muhogo. Jumanne na Alhamisi ni zamu ya ndagala wakavu, ambao hawahitaji friji na huiva upesi. Kila mara pasha maharage ya siku hiyo tu, mpaka yachemke hadi katikati.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikifungwa hivyo huhifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi. Umeme ukikosekana usiku kucha, mwaga maharage yaliyokuwemo. Asiye na friji achemshe ya mlo mmoja tu, na yaliyobaki ayaache makavu guniani, akiloweka kila mara usiku wa kuamkia siku ya kupika.