Mohamed na Muhammad: Je, Ni Mteja Mmoja?

Umewahi kukuta jina lako limeandikwa tofauti kwenye akaunti zako? Wakala mmoja aliandika Mohamed, mwingine Muhammad. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili. Ndiyo maana tunatumia Soundex, mbinu ya kulinganisha majina kwa sauti iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918.

Inafanyaje kazi? Tunabakisha herufi ya kwanza, M. Baada ya hapo tunaacha irabu pamoja na h, w na y. Konsonanti zinazobaki zinapewa namba: m ni 5, d ni 3. Herufi zilizofuatana kama mm zinahesabiwa mara moja, kisha sifuri inajaza nafasi ya mwisho. Majina yote mawili yanatoa `M530`.

Lakini chunga! Herufi j na g zote ni 2. Kwa hivyo Wanjiru na Wangari yote yanatoa `W526`, ilhali ni majina tofauti kabisa. Naye Catherine (`C365`) hakutani na Katherine (`K365`), kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi.

Kwa hivyo misimbo ikifanana, tunashuku tu. Hatuunganishi rekodi mpaka namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa zilingane. Tukikosea, pesa za Wanjiru zitasomeka kwa Wangari.

Ukisajiliwa, soma jina lako herufi kwa herufi, ulilinganishe na kitambulisho kabla ya kukubali.