Meseji Iliyosomwa Ndani ya Daladala

Wadogo zangu, wiki hii nawaletea kisa cha karani mmoja wa Dar es Salaam. Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Ameniruhusu nikisimulie kwa sharti kwamba nisitaje kampuni yao.

Zuhura anafanya kazi kwa wakala wa kugomboa mizigo bandarini. Jumatatu moja mchana mteja wao, muuza vipuri, alimpigia simu. Meli ilikuwa imeshatia nanga, na kontena lake halitoki. Zuhura akamjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hawajapata taarifa yoyote. Alipokata simu, akaandika namba ya hati ya shehena kwenye kisehemu cha kutafuta. Ikatokea meseji moja.

Wakala wa meli alikuwa ameandika siku 12 nyuma. Jina la mpokeaji kwenye hati ya shehena lilikosewa herufi moja, na aliomba wamthibitishie jina sahihi kabla ya Jumatano saa 4 asubuhi, kwa sababu baada ya hapo orodha ya shehena ingekwenda forodhani. Ikishafika huko, herufi hiyo moja hairekebishwi kwa simu. Inahitaji barua, maombi na kusubiri.

Kwenye kikasha cha Zuhura kulikuwa na barua pepe zaidi ya 11,000, na kila mtu ofisini alisema tatizo ni huo wingi. Mimi nilimwuliza swali lingine: ile meseji ilikuwa na wino mzito, yaani haijafunguliwa? Akanyamaza kidogo. Haikuwa na wino mzito. Alikuwa ameifungua mwenyewe kwenye simu, ndani ya daladala la Mbagala, saa 1 kasoro asubuhi, akasema moyoni kwamba atajibu akifika. Alipofika, wino ulikuwa umeshakuwa mwembamba, na meseji ikafanana na nyingine zote alizokwisha kuzimaliza.

Jambo la pili lililoificha ni kichwa chake. Wakala hakuanza barua mpya. Alichukua mazungumzo ya zamani akabonyeza jibu, kwa hiyo onyo lile likaingia chini ya kichwa kisemacho «Re: Re: Ankara ya Februari», likiwa la 31 kati ya 34. Nani angetafuta jina la mpokeaji ndani ya ankara iliyokwisha kulipwa?

Kurekebisha herufi kulichukua siku 6 za kazi. Siku za bure za kontena zikaisha, gharama za hifadhi zikaanza kuhesabika, na kampuni ikalipa. Mteja akahamia kwa wakala mwingine.

Mimi nilianza kazi masijala, enzi za majalada ya karatasi, na ndiyo maana kisa hiki kilinigusa. Barua ikiingia kwetu, kuifungua kulikuwa mwanzo tu. Uliigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukaiandika kwenye rejista, ukaipa namba ndani ya jalada, kisha jalada likaenda kwa mtu mwenye jina. Kama jibu lilitakiwa baadaye, tarehe iliandikwa kwenye shajara ya kukumbushia, na siku hiyo jalada lilirudi mezani lenyewe. Barua pepe ilipokuja, kazi hizo zote ziliondoka na hakuna aliyezirithi. Siku hizi kufungua ndiko kunakoonekana kuwa kupokea, na kompyuta inafuta alama pekee iliyokuwa ikikukumbusha.

Kwanza Zuhura alikimbilia dawa isiyo yake. Alitengeneza lebo 23, moja kwa kila mteja, akaanza kupanga barua za miaka mitatu. Siku ya nne akachoka akaacha, na barua mpya zilikuwa zimerundikana wakati akipanga za kale. Msifanye hivyo. Barua ya zamani haihitaji kupangwa, inahitaji kupatikana, na kisehemu cha kutafuta kinaipata. Kile cha Gmail kinaelewa maneno haya:

```
in:inbox older_than:30d
```

Kinakuletea kila kilichokaa kikashani zaidi ya siku 30. Ukitia alama ya kuchagua zote, inachagua zile za ukurasa huo peke yake, kwa kawaida 50. Juu yake hutokea mstari unaokuuliza kama unataka zote zinazolingana na utafutaji, na huo ndio wa kubonyeza. Kisha uziweke kwenye kumbukumbu, usizifute. Zilizofutwa hukaa kwenye tupio siku 30 tu, lakini zilizo kwenye kumbukumbu zinabaki, na ukizitafuta zinatokea. Kabla ya kubonyeza, Zuhura alitafuta kwanza namba za mizigo iliyokuwa bado njiani, mmoja mmoja. Akakuta maswali mengine mawili ambayo hayajajibiwa. Hatua hiyo usiiruke hata kama una haraka.

Baada ya hapo alirudisha masijala, kwa kipimo chake. Hafungui barua za kazi ndani ya daladala tena. Anazifungua saa 2:30 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, akiwa mezani na majalada yapo. Meli zikiwa karibu kufika anaongeza mara moja au mbili, kwa sababu kazi ya bandari haingoji ratiba ya mtu. Ikimlazimu kufungua kitu kwenye simu na hawezi kukishughulikia pale pale, anakirudishia alama ya kuwa hakijasomwa kabla hajatia simu kwenye mkoba. Hiyo ni sekunde mbili.

Ana daftari la mistari lenye safu nne: tarehe barua ilipofika, nani ameandika, anataka nini, mwisho lini. Haandiki kila barua. Anaandika zile zenye siku ya mwisho tu, na kwa siku huwa tano au sita. Kila asubuhi anaanza na safu ya mwisho kabla hajawasha kompyuta. Unaweza kutumia kalenda ya simu badala ya daftari, lakini yeye anasema daftari linaonekana na mwenzake pia siku akiwa mgonjwa, na hapo namuunga mkono.

Vichwa vya barua navyo amevibadilisha. Jambo likigeuka, anaanza barua mpya, na kichwa kinabeba namba ya hati, jambo lenyewe na siku ya mwisho: «Hati 4471: thibitisha jina la mpokeaji, Jumatano saa 4 asubuhi». Aliwaomba mawakala wa meli wafanye vivyo hivyo. Wengine wamekubali, wengine bado wanajibu juu ya ankara za kale. Kwa ajili ya hao amezima mpangilio wa mazungumzo kwenye Gmail ya ofisini, ili kila barua isimame peke yake.

Alitega pia chujio la kutia nyota barua zinazotoka kwa mawakala hao. Linasaidia, ila linafuata anwani. Wakala akibadilisha mfanyakazi, au akiandika kwa anwani nyingine, nyota haiwaki, kwa hiyo chujio halikuondolei kazi ya kuangalia.

Mdogo wangu unayesoma haya ukiwa ofisini, leo kabla hujafunga kompyuta, chukua kazi tatu ambazo bado hazijaisha na utafute namba au jina la kila moja kwenye kikasha chako. Soma barua za mwisho za kila mazungumzo, hata kama hazina wino mzito. Ukikuta swali ambalo hujalijibu, lijibu leo.